Kabla ya Kuuliza Faida, Uliza Tarehe: Amana, Hatifungani na Mifuko ya Fahirisi kwa Mwekezaji Anayeanza

Wananchi wanaofika katika banda letu wakati wa maonesho huuliza swali lilelile kwa maneno tofauti: kati ya kuweka fedha benki, kununua hatifungani za Serikali na kununua hisa, kipi kinalipa zaidi? Ni swali la haki. Hata hivyo, mtu akijibiwa hilo tu, anaweza kuondoka na jibu sahihi na bado akapata hasara. Kwa sababu hiyo, sisi humrudishia muulizaji swali jingine kwanza: fedha hiyo utaihitaji lini?

Tunauliza hivyo kwa kuwa sehemu kubwa ya hasara za wawekezaji wadogo tunazoelezwa haitokani na kuchagua kitu kibaya. Hutokana na kulazimika kutoka kabla ya wakati. Amana nzuri ikivunjwa katikati hupoteza riba yake. Hatifungani nzuri ya miaka ishirini ikiuzwa mwaka wa tatu yaweza kuuzwa kwa bei ya chini ya ile iliyonunuliwa. Hisa za kampuni imara zikiuzwa wiki ambayo soko limeporomoka huacha pengo ambalo uvumilivu wa miaka michache ungeliziba. Katika makala haya tutafuata fedha za mtu mmoja wa kubuni, kutoka anapozipata hadi anapozigawa, ili msomaji aone jinsi tarehe inavyoamua mahali pa kila shilingi. Viwango vya riba tutakavyotumia katika hesabu zake ni vya mfano tu. Vya kweli hubadilika, na msomaji avitafute siku anayotaka kuwekeza.

Muuguzi na kiwanja chake

Tuchukue muuguzi wa hospitali ya umma mwenye umri wa miaka 38, aliyeuza kiwanja na kubakiwa na Sh. 20,000,000. Matumizi ya nyumbani kwake ni kiasi cha Sh. 800,000 kwa mwezi. Mwezi Januari, miezi tisa kutoka sasa, atatakiwa kulipa ada na mahitaji ya shule ya Sh. 2,400,000. Anajenga polepole, na fundi amemwambia kwamba kuezeka na kupiga lipu kutagharimu Sh. 7,000,000. Amepanga kufanya hivyo baada ya miaka mitatu. Kustaafu kwa lazima ni akiwa na miaka 60, yaani baada ya miaka 22.

Mwenzake kazini amemshauri anunue hatifungani ya Serikali ya miaka ishirini kwa fedha zote, akae na kula riba. Ushauri huo hauna hila ndani yake, na riba ya hatifungani ndefu kwa kawaida hushinda ile ya amana. Tuone kwanza jinsi hatifungani hiyo inavyofanya kazi, kisha turudi kwa fundi na mabati yake.

Hatifungani hulipa nini, na bei yake hutoka wapi

Hatifungani ni mkopo ambao wewe unamkopesha mwingine. Ukinunua ya Serikali, Serikali ndiyo mdaiwa wako: itakulipa riba kila baada ya miezi sita, na siku hatifungani itakapoiva itakurudishia kiasi kilichoandikwa juu yake. Benki Kuu ya Tanzania huziuza kwa mnada, na muda wake huanzia miaka miwili hadi miaka 25. Mwananchi anaweza kuingia kwa kuanzia Sh. 1,000,000 kupitia benki au dalali mwenye leseni, ambaye atamfungulia akaunti ya CDS, yaani daftari la kielektroniki linaloonesha anachomiliki. Hakuna cheti cha karatasi cha kuficha kabatini.

Mwekezaji akinunua hatifungani ya Sh. 10,000,000 yenye riba ya asilimia 12, atapokea Sh. 600,000 kila baada ya miezi sita kwa miaka yote ishirini. Kiasi hicho hakipandi wala hakishuki. Watu wengi huelewa sehemu hii vizuri. Sehemu inayowaponyoka ni kwamba, ingawa riba haibadiliki, bei ya hatifungani hubadilika kila siku ambayo soko liko wazi.

Sababu yake ni nyepesi. Tuseme miaka mitatu imepita, na sasa Serikali inatoa hatifungani mpya zenye riba ya asilimia 15. Muuguzi anataka kuuza yake ya asilimia 12. Mnunuzi gani atalipa Sh. 10,000,000 kamili kupata Sh. 600,000 kila nusu mwaka, wakati kwa fedha hizohizo anaweza kupata Sh. 750,000 kwa kununua mpya? Atakubali tu iwapo muuguzi atampunguzia bei mpaka mapato ya hatifungani zote mbili yalingane. Ukiipiga hesabu kwa miaka 17 iliyobaki, bei hiyo inakuwa takriban Sh. 8,170,000. Kama ingekuwa hatifungani ya miaka miwili iliyobakiwa na mwaka mmoja tu, mnunuzi angedai punguzo dogo zaidi, kwa kuwa anavumilia riba ndogo kwa mwaka mmoja pekee. Bei ingekuwa takriban Sh. 9,730,000. Kadiri miaka iliyobaki inavyozidi kuwa mingi, ndivyo bei inavyoyumba zaidi.

Mambo yanaweza pia kwenda upande wa pili. Kama viwango vingeshuka hadi asilimia 9, hatifungani ya muuguzi ingekuwa mali adimu, na mnunuzi angekubali kulipa takriban Sh. 12,590,000. Jambo la aina hiyo limewahi kutokea hapa kwetu. Mwaka 2022 riba ya hatifungani mpya za miaka 20 ilishushwa kutoka asilimia 15.49 hadi asilimia 12.10, na ile ya miaka 25 kutoka asilimia 15.95 hadi asilimia 12.56. Waliokuwa wameshika zile za zamani walijikuta wanamiliki kitu ambacho wengine wanakitaka.

Hapa tunaomba msomaji asimame kidogo, kwa maana ndipo wanunuzi wapya wanapojikwaa. Mtu huambiwa, kwa maneno ya kweli kabisa, kwamba kuna hatifungani ya asilimia 15.49 inauzwa. Haambiwi, au haulizi, kwamba kila shilingi 100 zilizoandikwa juu yake zinauzwa, tuseme, kwa shilingi 120. Akinunua, riba ya shilingi 15.49 itamjia kwa kila shilingi 120 alizotoa, ambayo ni chini kidogo ya asilimia 13. Zaidi ya hapo, siku ya kuiva Serikali itamrudishia shilingi 100, kwa maana hizo ndizo zilizoandikwa. Shilingi 20 za juu hazirudi kamwe. Zilikwenda kwa aliyemuuzia. Huo si wizi, kwa kuwa bei ya hatifungani za zamani sokoni huwa hivyo. Lakini mnunuzi anayesoma kiwango cha riba bila kusoma bei amesoma nusu ya karatasi. Muulize dalali swali moja: nikinunua kwa bei hii na kushika hadi siku ya kuiva, mapato yangu kwa mwaka ni asilimia ngapi? Anayo namba hiyo. Ndiyo inayofaa kulinganishwa na hatifungani nyingine.

Sasa turudi kwa fundi. Kama muuguzi angeweka fedha zote katika hatifungani ya miaka ishirini, na viwango vikapanda kama tulivyoona, mwaka wa tatu angelazimika kuuza hatifungani zenye thamani iliyoandikwa ya takriban Sh. 8,600,000 ili apate Sh. 7,000,000 za mabati na lipu. Ni kweli kwamba katika miaka hiyo angekuwa amepokea riba kila nusu mwaka, na hatuwezi kusema amefilisika. Lakini zaidi ya Sh. 1,500,000 zingekuwa zimepotea katika mauzo hayo, na sababu pekee ni kwamba tarehe ya nyumba na tarehe ya hatifungani hazikupatana. Wala huwezi kupanga kwamba utauza wakati viwango vimeshuka. Fundi haji kwa ratiba ya Benki Kuu.

Fedha za karibu: amana ya muda maalumu na jirani zake

Fedha za ada zina tarehe inayojulikana na ya karibu. Hizi ndizo fedha za amana ya muda maalumu. Mteja hukubaliana na benki kiasi, muda na riba, kisha haigusi fedha hadi muda uishe. Muuguzi akiweka Sh. 2,400,000 kwa miezi tisa kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, riba yake itakuwa Sh. 144,000. Benki itakata kodi ya zuio ya asilimia 10, na zitabaki Sh. 129,600. Riba ya hatifungani za muda mrefu za Serikali imesamehewa kodi hiyo. Kwa hiyo anayelinganisha amana na hatifungani atoe kwanza kodi upande wa amana, la sivyo atakuwa analinganisha embe na kokwa yake.

Mkataba wa amana una mambo mawili yanayostahili kusomwa kwa makini kuliko kiwango cha riba. La kwanza ni kifungu cha kuvunja kabla ya muda. Katika benki nyingi mteja anayevunja hupunguziwa riba au huikosa yote. Mtaji wake hurudi, lakini miezi aliyosubiri imekwenda bure. La pili ni kifungu cha kuhuisha. Mikataba mingi husema kwamba mteja asipotoa maelekezo siku ya kuiva, amana itaanza upya yenyewe kwa muda uleule, tena kwa riba ya siku hiyo. Muuguzi akisahau, fedha za ada zinaweza kufungwa miezi tisa mingine wakati mwanafunzi yuko getini na sanduku lake. Tunashauri tarehe ya kuiva iwekwe wiki mbili hivi kabla ya mahitaji, na maelekezo ya kutohuisha yaandikwe siku ileile ya kufungua.

Upande wa usalama, Bodi ya Bima ya Amana humlipa mteja hadi Sh. 7,500,000 endapo benki itafilisika. Amana ya muuguzi imo ndani ya kiwango hicho. Mwenye fedha nyingi zaidi anaweza kuzigawa katika benki zaidi ya moja.

Kuna fedha nyingine ambazo tarehe yake haijulikani kabisa: za msiba, za ugonjwa, za mshahara uliochelewa. Muuguzi anatenga Sh. 2,400,000, yaani matumizi ya miezi mitatu. Hizi hazifai kufungwa popote, hata kwa riba ya kuvutia, kwa maana shida haina taarifa. Zinaweza kukaa katika akaunti ya akiba, au katika mfuko wa uwekezaji wa pamoja wa aina ya ukwasi, ambao huweka fedha za wanachama katika amana na dhamana za muda mfupi na kuruhusu kuuza vipande wakati wowote. Hata hapo, soma katika waraka wa matarajio ni siku ngapi za kazi hupita tangu kuomba hadi fedha kuingia. Sehemu ndogo ibaki mahali inapoweza kuchukuliwa usiku huohuo.

Kwa nyumba, muuguzi ana miaka mitatu. Mnada hauna hatifungani ya miaka mitatu, lakini uko wa miaka miwili. Anaweza kuweka Sh. 7,000,000 humo, ashike hadi iive bila kujali bei ya sokoni inasema nini, kisha aingize mtaji katika amana ya miezi kumi na miwili hadi fundi aanze. Kama viwango vitakuwa vimepanda, amana hiyo itafaidika. Kama vitakuwa vimeshuka, atapata riba ndogo kwa mwaka mmoja, na mtaji wake utabaki mzima. Riba atakayoipokea njiani itasaidia kuziba pengo pindi bei ya mabati ikipanda, jambo ambalo hatuna sababu ya kutolitarajia.

Miaka ishirini na miwili

Zimebaki Sh. 8,200,000, na hizi ni za uzeeni. Hapa hofu inapaswa kubadilika sura. Kwa fedha za ada, tunachoogopa ni kuyumba kwa bei. Kwa fedha za miaka 22, bei inaweza kuyumba mara nyingi na bado kukawa na muda wa kutulia. Kinachotisha zaidi ni kupanda kwa gharama za maisha. Kama bei za bidhaa zitapanda kwa asilimia 4 kila mwaka kwa miaka ishirini, Sh. 5,000,000 zitakazorudishwa mwishoni zitanunua vitu ambavyo leo vingenunuliwa kwa kiasi cha Sh. 2,280,000. Hatifungani inaahidi idadi ya shilingi. Haiahidi gunia la mchele.

Hatifungani ndefu bado ina nafasi yake hapa, kwa sharti moja. Riba ya hatifungani haijilimbikizi yenyewe. Inaingia katika akaunti ya benki kila nusu mwaka, na ikishaingia huonekana kama mshahara wa ziada. Muuguzi akiweka Sh. 5,000,000 katika hatifungani ya miaka ishirini ya asilimia 12, atapokea Sh. 300,000 kila nusu mwaka. Akizitumia, miaka ishirini baadaye atakuwa na Sh. 5,000,000 zilezile, zilizochakaa kwa namna tuliyoeleza. Akitaka zikue, lazima aziwekeze tena, na Sh. 300,000 hazitoshi kuingia mnadani. Njia iliyo rahisi ni kumwagiza benki azihamishie moja kwa moja kununua vipande vya mfuko wa pamoja ambao kiwango chake cha chini ni kidogo. Kwa mtu ambaye tayari anaishi kwa riba, kama mstaafu, mambo ni tofauti. Kwake kupokea na kutumia ndiyo shabaha yenyewe.

Sh. 3,200,000 zilizobaki zinaweza kwenda katika hisa, na hapa ndipo mfuko wa fahirisi unapoingia. Fahirisi ya soko la hisa ni kipimo kimoja kinachoonesha jinsi bei za kampuni nyingi zinavyokwenda kwa pamoja, kama vile Fahirisi ya Bei za Mlaji inavyoonesha mwenendo wa bei za unga, nauli na mafuta ya taa kwa namba moja. Soko la Hisa la Dar es Salaam hutangaza mbili zinazotajwa zaidi: DSEI, inayobeba kampuni zote zilizoorodheshwa pamoja na zile ambazo makao yake ni nje ya nchi, na TSI, inayobeba za ndani tu. Mfuko wa fahirisi hununua hisa za kampuni zote zilizo katika fahirisi fulani, kwa uwiano uleule, kisha hutulia. Hauajiri wataalamu wa kubashiri kampuni ipi itafanya vizuri. Ndiyo maana ada yake huwa ndogo.

Wazo hili lililetwa kwa wawekezaji wa kawaida mwaka 1976 na John Bogle wa kampuni ya Vanguard nchini Marekani, kwa mfuko uliofuata fahirisi ya S&P 500 ya kampuni kubwa mia tano. Nguvu yake iko katika wingi huo. Kampuni moja ikianguka kati ya mia tano, mwenye mfuko hushtuka kidogo tu. Lakini mfuko haumkingi mtu soko lote linapoanguka. Mwaka 2008 fahirisi hiyo ilipoteza takriban asilimia 37, na haikurudi kwenye kilele chake cha mwaka 2007 hadi mwaka 2013. Aliyekuwa na miaka ishirini mbele yake alisubiri. Aliyekuwa ameweka humo fedha za kuezeka nyumba mwaka 2009 hakuwa na cha kusubiri.

Hapa nyumbani yako mambo mawili ya kuongeza. Mifuko ya fahirisi bado ni migeni katika soko letu. Mifuko mingi ya pamoja ambayo mwananchi ataikuta, ukiwemo Mfuko wa Umoja ulioanza mwaka 2005 na unaochanganya hisa na hatifungani, huendeshwa na mameneja wanaochagua cha kununua. Tunautaja kwa kuwa unafahamika, na kuutaja si kuupendekeza. Jambo la pili ni kwamba kampuni zilizoorodheshwa Dar es Salaam ni chache, na chache miongoni mwa hizo, hasa benki kubwa na kiwanda cha bia, hubeba sehemu kubwa ya fahirisi. Mfuko unaofuata fahirisi ya namna hiyo hautawanyi hatari kwa kiwango cha ule wa kampuni mia tano. Vilevile hisa za baadhi ya kampuni hupitisha siku kadhaa bila kuuzwa wala kununuliwa, hivyo bei inayosomeka ubaoni huenda isiwe bei ambayo mtu angeipata akitaka kuuza kwa wingi leo.

Kwa hiyo anayenunua mfuko wowote wa hisa aombe waraka wa matarajio na atafute mambo matatu: mfuko unanunua nini hasa, ada zote kwa mwaka ni asilimia ngapi, na kuuza vipande huchukua muda gani. Tofauti ya ada ya asilimia moja katika Sh. 3,200,000 ni Sh. 32,000 kwa mwaka, na huonekana ndogo. Lakini hukatwa kila mwaka, soko likipanda au likishuka, na kile kilichokatwa nacho kingezaa kwa miaka yote iliyobaki. Hakikisha pia kwamba meneja wa mfuko au dalali ana leseni inayotumika. Orodha ya wenye leseni tunaitoa kwa yeyote anayeuliza, bila malipo.

Kabla hajatia saini, muuguzi ajiulize swali ambalo hakuna jedwali linaloweza kumjibia. Mwaka ukiwa mbaya kama ule wa 2008, taarifa ya mfuko wake itasomeka kiasi cha Sh. 2,016,000 mahali palipokuwa na Sh. 3,200,000. Je, ataweza kuikunja karatasi ile na kuendelea na zamu yake? Wapo watu wenye muda mrefu ambao hawawezi, na hawana haja ya kujilazimisha. Wakiingiza hisa kidogo kuliko wanavyoshauriwa na wakakaa nazo, watafanya vizuri kuliko wakiingiza nyingi na kukimbia mwaka wa pili. Mwenye wasiwasi anaweza pia kuingia kwa awamu. Sh. 200,000 kila mwezi kwa miezi kumi na sita humfanya anunue kwa bei tofautitofauti, baadhi za juu na baadhi za chini, na humpa nafasi ya kujijua kabla hajazama kabisa. Gharama ya njia hiyo ni kwamba soko likipanda mfululizo, fedha zilizosubiri zitakuwa zimechelewa.

Mpangilio huu hautadumu miaka 22 bila kuguswa. Hatifungani yake ya miaka ishirini itaiva akiwa na miaka 58, karibu na kustaafu, na hilo limekaa vizuri. Lakini vipande vya hisa havina siku ya kuiva. Akifika miaka 55, fedha zilizokuwa za mbali zitakuwa zimegeuka za karibu, na itafaa aanze kuuza vipande kidogo kidogo kila mwaka, ahamishie fedha hizo katika hatifungani fupi na amana, ili mwaka atakaotoka kazini usimkute akitegemea bei ya soko la wiki hiyo.